Maelezo binafsi ya skolashipu: habari za nyumbani ziandikwe vipi?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Umalila, Mbeya Vijijini, na ni wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika chuo kikuu. Nilimaliza shahada ya kilimo 2022, na tangu Januari 2023 niko kwenye duka la pembejeo hapa Mbalizi. Naomba skolashipu ya masta ya afya ya mimea, na wanataka maelezo binafsi yasiyozidi maneno 800. Rafiki yangu mmoja anasema nieleze shida zote tulizopitia ili wanionee huruma. Mwingine anasema nisiguse kabisa habari za nyumbani, hazihusiani na masomo. Rasimu nimekutumia. Halafu mwaka wa kwanza nilifaulu vibaya: ninyamaze au niseme?*

Marahaba mdogo wangu. Rasimu nimeisoma kwa makini, na nitakujibu nikiwa nayo mbele yangu. Habari za nyumbani ziingie, ila si kwa sababu anayoitaja rafiki yako wa kwanza. Ziingie kwa sababu swali unalotaka kwenda kulisomea limetoka kule kule Umalila, shambani kwa baba yako, na bila shamba lile msomaji hataelewa kwa nini wewe ndiye uliyelichagua.

Nianze na huyo msomaji. Anayesoma maombi ya skolashipu huwa na rundo la maombi mbele yake na karatasi ya alama pembeni. Kwenye skolashipu za Jumuiya ya Madola, kwa mfano, wanapima ubora wa mwombaji kitaaluma, ubora wa mpango wake wa masomo, na mchango ambao masomo hayo yanaweza kuleta katika maendeleo ya nchi yake. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanatazama uongozi, uwezo wa kujenga mahusiano na watu, na mpango wa kazi wa baadaye. DAAD wa Ujerumani, katika mpango wao wa kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, wanataka uwe umefanya kazi miaka isiyopungua 2 baada ya shahada, na barua yako ioneshe uhusiano kati ya kazi hiyo na kozi unayoiomba. Katika vigezo vyote hivyo hakuna sehemu ya kumpa mtu alama kwa sababu aliteseka. Uwezo wa kifedha wa familia, pale unapohitajika, huulizwa kwenye fomu sehemu nyingine, na huko ujibu kwa ukweli wote. Kwa hiyo kila sentensi ya dhiki unayoiweka kwenye maneno yako 800 imekula nafasi ya sentensi ambayo ingekupa alama.

Sasa tazama mwanzo wako: "Nilizaliwa katika familia maskini ya wakulima. Wazazi wangu hawakupata elimu. Nilitembea umbali mrefu kwenda shule na nilisoma kwa kibatari. Pamoja na changamoto zote hizo, sikukata tamaa." Siyatilii shaka hata neno moja. Lakini ukimaliza kuzisoma sentensi hizo nne, unajua huyu mtu anataka kusomea nini? Anaweza kuwa anaomba uuguzi, sheria au uhasibu. Mwenzako wa Makete au wa Ludewa anaweza kuzinakili kama zilivyo na zikamfaa. Hicho ndicho kipimo ninachokuomba ukitumie kwa kila aya: kama mtu mwingine anaweza kuichukua na kuweka jina lake bila kubadilisha kitu, aya hiyo haijaandikwa bado.

Kuna jambo jingine kwenye sentensi hizo, na hili naliona kwa vijana wengi walio wa kwanza kwao kusoma. Umewaandika wazazi kama watu wasio na kitu: hawakusoma, hawakuwa na uwezo, hawakujua. Halafu wewe ukatoka gizani. Wazazi wako wamelima viazi mviringo maisha yao yote, wameamua kila msimu wapande nini, wauze lini, wabakize nini. Huko ndiko ulikoanza kuujua mmea kabla hujakaa darasani. Ukiwafuta, unafuta na ushahidi wako mwenyewe.

Na ushahidi huo tayari umeuandika, ila umeuficha. Katikati ya ukurasa wa pili kuna sentensi moja umeipita haraka: "Baba alikuwa anauza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kwa ajili ya mbegu." Mimi hapo nilisimama. Maelezo yako yaanzie hapo.

Wewe unaijua sababu, lakini msomaji wako huenda ni mchumi au mhandisi, hivyo lazima umfafanulie. Mkulima anayebakiza viazi vidogo anafanya jambo la busara kwa upande wa fedha: vikubwa ndivyo vinavyopata bei. Tatizo ni kwamba shina lililoshambuliwa na magonjwa mara nyingi ndilo linalozaa viazi vidogo. Basi bila kujua, kila msimu anachagua mbegu kutoka kwenye mashina dhaifu, virusi vinajilimbikiza, na bakteria wa mnyauko anasafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa kwa macho. Mavuno yanashuka polepole na lawama inaenda kwa mvua au kwa mbolea.

Aya yako ya kwanza ingeweza kuwa hivi. Ni mfano tu, usiinakili. Itabidi uiandike kwa Kiingereza chako na kwa ukweli wako:

"Kila mwisho wa msimu baba yangu hutenganisha viazi kwenye marundo mawili. Vikubwa hujazwa kwenye magunia na kupelekwa Mbalizi. Vidogo hubaki kuwa mbegu. Nilifanya kazi hiyo pamoja naye tangu nikiwa shule ya msingi, na niliona shamba lile lile likitoa magunia machache zaidi mwaka hadi mwaka. Nilipofika chuo kikuu, nikiwa wa kwanza katika familia yetu, somo la magonjwa ya mimea ndilo lililonionesha kwamba rundo la vidogo linaweza kuwa ndilo linalobeba ugonjwa. Katika utafiti wangu wa mwaka wa mwisho niliwahoji wakulima 40 wa Umalila kuhusu walikopata mbegu. 31 walitumia viazi walivyobakiza wenyewe."

Ona kilichotokea. Msomaji amejua kwamba nyumbani ni wakulima wadogo, kwamba umefanya kazi za shamba tangu utotoni, na kwamba wewe ni wa kwanza kusoma. Hukumwomba akuonee huruma. Hali ya nyumbani imeingia yenyewe ndani ya maelezo ya tatizo, na aya imeishia kwenye utafiti wako. Hizo namba 40 na 31 nimezitoa kwenye rasimu yako. Ulikuwa umeziweka karibu na mwisho, baada ya aya nzima kuhusu umuhimu wa kilimo kwa taifa. Hiyo aya ya kilimo na taifa iondoe yote.

Kuwa wa kwanza kwenye ukoo kunatosha kutajwa mara moja kama taarifa. Mara ya pili kutajwe kama kitu ulichofanya kwa sababu hiyo. Kwenye ujumbe wako ulinieleza jambo ambalo hukuliweka kabisa kwenye rasimu: kwamba wadogo zako wa kijijini wakimaliza kidato cha sita wanakuja pale dukani, unawasaidia kuomba vyuo na kujaza maombi ya mkopo, kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua ukurasa upi unafuata upi. Umeona ni jambo dogo. Huo ni uongozi, na ni wa aina ambayo ni mtu aliyepita njia hiyo peke yake tu anayeweza kuueleza vizuri. Uandike kwa hesabu: wangapi, tangu mwaka gani, wangapi walipata chuo, ni kosa gani walilokuwa wakilifanya mara nyingi ukawaonesha namna ya kuliepuka. Kama huna hesabu, kaa na simu yako jioni moja uwapigie uwaulize.

Hapa niseme jambo la malezi yetu. Sisi tuliokulia nyanda za juu tumefundishwa kwamba mtu mzima hajisifu, na kusema "mimi nilifanya" mbele za watu ni utovu wa adabu. Ndiyo maana rasimu yako imejaa "tulifanya", "tulifanikiwa", "ilifanyika semina". Msomaji akikuta "tulifanya" anabaki anajiuliza: katika hao, wewe ulifanya nini? Huwezi kupewa alama kwa kazi asiyojua kama ni yako. Namna ya kutoka hapo bila kujisikia unajigamba ni kuacha sifa na kubaki na vitendo. Usiseme "mimi ni kiongozi mwenye bidii". Sema "niliandaa orodha ya wateja walioleta mimea iliyonyauka, nikaandika kijiji walichotoka na mahali waliponunua mbegu." Sentensi ya pili haina sifa hata moja, na ndiyo inayokupandisha. Pale ambapo kazi ilikuwa ya wengi kweli, sema ilikuwa ya wengi, kisha utaje sehemu yako.

Sasa twende kwenye sehemu ambayo huwaangusha wengi wenye alama nzuri kukuzidi: kwa nini masta? Wewe umeandika, "Ningependa kuongeza maarifa na ujuzi ili nilisaidie taifa langu." Kila mwombaji ameandika hivyo. Kinachotakiwa ni kuonesha mpaka wa unachokijua leo, mahali hasa ambapo ujuzi wako unagota, halafu uoneshe kwamba kozi hiyo inaanzia hapo.

Mpaka wako unaonekana wazi kwenye kazi ya dukani, na nashangaa hukuutumia. Mkulima anakuletea shina la kiazi lililonyauka. Unalikata karibu na mzizi, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, unajua ni mnyauko bakteria, wala si ukame au kuvu. Unamshauri asinunue dawa ya ukungu asiyoihitaji, ang'oe mashina yaliyougua, asibakize mbegu kutoka shamba lile, na msimu ujao apande mahindi au ngano badala ya viazi au nyanya. Huo ni ujuzi wa kweli na unaokoa fedha za mkulima. Lakini glasi ile inafanya kazi tu baada ya mmea kuonesha dalili. Mkulima huyo huyo akikuletea gunia la viazi vinavyopendeza na kukuuliza, "Dada, hii mbegu ni salama?", huna jibu. Bakteria anaweza kuwamo ndani bila alama yoyote, na kumtambua kunahitaji vipimo vya maabara, sampuli zilizochukuliwa kwa hesabu inayoeleweka, na mtu anayejua kutafsiri majibu.

Hapo ndipo masta yako ilipo. Fungua ukurasa wa kozi unayoiomba, soma orodha ya masomo, na uchague mawili au matatu yanayojibu swali la gunia: utambuzi wa vimelea maabara, epidemiolojia ya magonjwa ya mimea, mifumo ya mbegu. Yataje kwa majina yake kama yalivyoandikwa huko, na baada ya kila jina useme litakusaidia kufanya nini ambacho leo huwezi. Usitaje masomo saba, na usikisifu chuo kwamba ni kikongwe na mashuhuri, wao wanajijua. Kama kozi haina hata somo moja linalojibu swali lako, basi tatizo si maelezo yako, umechagua kozi isiyo yako, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujatuma.

Kuhusu utakachofanya ukirudi, punguza. Umeandika kwamba utaanzisha kampuni ya mbegu, taasisi ya kusaidia wasichana, na kuishauri serikali kuhusu sera. Msomaji akikuta mambo matatu makubwa kwa mtu mmoja haamini hata moja. Chevening wanakutaka kwa masharti urudi nchini kwako kwa muda usiopungua miaka 2 baada ya masomo, kwa hiyo swali lao la msingi ni kazi ipi utaifanya katika miaka hiyo, wapi, na nani. Kwako naona jambo moja linaloaminika: kufanya kazi na vikundi vya wakulima wa Umalila wanaotaka kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, zile zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, uwasaidie kuchukua sampuli na kupima mashamba kabla mbegu haijauzwa kwa jirani. TARI Uyole wako hapo hapo Mbeya na viazi ni miongoni mwa mazao wanayoyafanyia utafiti, TOSCI ndio wenye dhamana ya ubora wa mbegu nchini, na halmashauri ina maofisa ugani. Taja ni nani kati yao ungetaka kushirikiana naye na kwa jambo gani. Ukiweza, nenda Uyole kabla hujaandika, ongea na mtu wa viazi, umuulize ni kipi kinachowakwamisha. Sentensi moja utakayotoka nayo huko itakuwa na uzito kuliko aya nzima ya matumaini. Usiandike tu kwamba wamekubali kufanya kazi nawe kama hawajakubali.

Sasa alama za mwaka wa kwanza. Sema. Nakala ya matokeo wataiona, na ukinyamaza watajitafutia sababu wenyewe. Ila maelezo hayo yawe mafupi na yawe na mambo matatu tu: kilichotokea, ulichobadilisha, na kilichoonekana baadaye. Kwenye rasimu umetumia aya nzima kuwalaumu watu wa hosteli, ugeni wa jiji na walimu wanaokwenda mbio. Ukichimba, chanzo unakitaja mwenyewe kwenye mstari mmoja: ulikuwa hujawahi kutumia kompyuta, ripoti za maabara zilitakiwa zichapwe, na takwimu zilikushinda. Basi andika hivi: "Matokeo yangu ya mwaka wa kwanza ni ya chini. Sikuwa nimetumia kompyuta kabla ya chuo, na ripoti za vitendo na takwimu zilinielemea. Likizo ya mwaka huo nilijifunza kuchapa na kutumia programu ya hesabu, na kuanzia mwaka wa pili alama zangu za masomo hayo zilipanda, kama nakala ya matokeo inavyoonesha." Kisha usonge mbele. Usirudi kuomba radhi aya nyingine. Na hakikisha zilipanda kweli katika masomo hayo hayo unayoyataja, kwa sababu nakala ile inasomwa sambamba na maneno yako.

Kwa maneno 800, mimi ningegawa hivi: aya ya shamba na utafiti isizidi maneno 170, kazi ya dukani na mpaka wa ujuzi wako ipate nafasi kubwa kuliko zote, labda 230, masomo ya kozi 150, utakachofanya ukirudi 130, vijana unaowasaidia kuomba vyuo 70, alama za mwaka wa kwanza 50. Si sheria. Lakini ukiona utoto wako umefika maneno 300, kama ulivyo sasa, ujue kazi yako imenyimwa nafasi.

Ukimaliza, mpe mtu asiyejua kilimo asome mara moja, umnyang'anye karatasi, kisha umwombe akueleze kwa mdomo: huyu binti anataka kujua nini, na kwa nini hawezi kukijua akiwa Mbalizi? Akishindwa kujibu moja kati ya hayo mawili, aya ya dukani haijakaa sawa. Rudi kwayo kabla ya kugusa kitu kingine. Usimwombe akuambie kama ni nzuri. Atasema ni nzuri.

Watu watakaokuandikia barua za utambulisho wapelekee maelezo haya mapema, pamoja na nakala ya matokeo na ripoti ya utafiti wako. Mwalimu aliyekusimamia alikuwa na wanafunzi wengi mwaka ule na huenda asikumbuke wakulima 40 wa Umalila. Ukimkumbusha, barua yake itathibitisha kile kile ulichoandika, badala ya kusema tu kwamba ulikuwa mwanafunzi mtulivu na mwenye nidhamu. Na kwa barua ya kazini, mwombe mwenye duka aliyekuona ukilikata shina na kuliweka kwenye glasi, hata kama cheo chake si kikubwa. Usiende kwa mheshimiwa asiyekufahamu. Rasimu mpya nitaisoma, ila nitumie pamoja na ile orodha ya masomo ya kozi, maana bila hiyo sitaweza kukuambia kama aya ya tatu imelenga.